Jinsi ya kutoa udhuru wa kikao kwa barua pepe fupi: rasimu moja na masahihisho yake

Kikao kikiisha, kazi ya kwanza ninayoifanya kama katibu muhtasi ni kuandika mahudhurio. Muhtasari wa ofisi yetu, kama wa ofisi nyingi za Tanzania, unaanza na majina hata kabla ya ajenda ya kwanza: waliohudhuria, wasiohudhuria kwa taarifa, na wasiohudhuria bila taarifa. Wenzetu wa Kenya huita kumbukumbu za mkutano, na ile orodha ya pili huiandika "waliotuma udhuru". Majina ni tofauti, kazi ni ile ile. Mtumishi ambaye hakufika ataingia orodha ya pili au ya tatu, na kinachoamua ni kile alichoniandikia. Muhtasari unasainiwa, unathibitishwa kikao kinachofuata, kisha unakaa kwenye faili. Ukiingia orodha ya tatu kimakosa, kujitoa humo ni kazi ya kikao kingine.

Kwa hiyo barua pepe ya udhuru ina kazi moja: kumwezesha katibu aweke jina lako mahali sahihi bila kukupigia simu kuuliza. Watumishi wapya wengi wanadhani kazi yake ni kuonyesha unyenyekevu, wanaandika maneno mengi ya kuomba radhi na kusahau tarehe.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Mwandishi ni msaidizi wa stoo, ana miezi michache kazini. Amealikwa kwenye kikao cha maandalizi ya kuhesabu mali, zoezi ambalo kwenye taasisi za umma hufanyika mwaka wa fedha unapofungwa tarehe 30 Juni. Kikao ni Alhamisi, 12 Juni 2025, saa 3:00 asubuhi. Siku hiyo msimamizi wake amemtuma Kibaha kupokea mzigo. Hii ndiyo rasimu yake:

> Kichwa: Kikao
>
> Habari boss,
>
> Nimepata mwaliko wako wa kikao cha alhamis saa 9. Kwa bahati mbaya sitoweza kuudhuria kwasababu ntakua na kazi nyingine niliopangiwa nje ya ofisi. Naomba unielewe. Kama kuna chochote kilichoongelewa nitaomba nitumiwe. Pia nimeambatanisha orodha ya vifaa.
>
> Asante kwa muda wako.

Si barua mbaya. Kijana amejibu, ametaja sababu, na ameona kwamba orodha yake itahitajika hata asipokuwepo. Ukimpa mtu anayejua Kiswahili kizuri aisahihishe, ataanza na "kuudhuria" na "kwasababu" kwa sababu ndiyo yanayochoma macho. Mimi naanza kwingine. Nasahihisha kwanza kinachoweza kumpotosha msomaji, kisha kinachoweza kumkwaza, na tahajia mwisho. Ukianza na tahajia unapata barua safi yenye saa ya uongo.

Kabla ya kuandika: zungumza na msimamizi wako

Mtumishi wa ngazi ya chini hajitolei udhuru peke yake. Mwaliko umetoka kwa mratibu wa kikao, kazi ya Kibaha imetoka kwa msimamizi, na hao wawili huenda hawajui kwamba wamekugombania siku moja. Mwendee msimamizi wako umwambie hivi: "Nimealikwa kikao cha Alhamisi asubuhi, na Alhamisi hiyo hiyo nipo Kibaha. Unaelekeza nifanye lipi?" Mara nyingine atasema mzigo unaweza kusubiri hadi Ijumaa, na barua yenyewe haihitajiki tena. Akisema uende Kibaha, muulize pia kama kuna atakayekuwakilisha. Usimtaje mwenzako kuwa atakuja badala yako kabla hajakubali na kabla msimamizi hajaridhia. Nimewahi kuweka kiti na jina la mwakilishi ambaye mwenyewe alikuwa hana habari, na ajenda yake ikaahirishwa.

Kama aliyekualika ni mkurugenzi mwenyewe au mkuu wa idara, udhuru hutangulia kwa mdomo na maandishi hufuata. Mpigie simu au pita kwa katibu wake, kisha tuma barua pepe siku hiyo hiyo ili pawe na kumbukumbu.

Sahihisha kwanza saa, siku na jibu lenyewe

Kosa zito kuliko yote kwenye rasimu ile ni "saa 9". Kijana hakutunga. Mwaliko ulimfikia kupitia kalenda ya kompyuta, na kalenda iliandika 9:00 AM. Alinakili namba akaiacha bila kuigeuza. Lakini mtu anayesoma Kiswahili akiona "saa 9" anaelewa saa tisa, alasiri, jua limeshaanza kushuka. Siku hiyo ofisini kulikuwa na vikao viwili, hiki cha asubuhi na kingine cha manunuzi saa 9:00 alasiri. Nilipoisoma barua yake niliweka udhuru wake kwenye kikao cha manunuzi, ambacho hata hakuwa mjumbe wake, na asubuhi tukamsubiri dakika 20 kabla mwenyekiti hajafungua.

Kanuni ninayowapa ni kwamba saa ya Kiswahili inaandikwa na wakati wake kila mara. Andika "saa 3:00 asubuhi" au "saa 9:00 alasiri", usiache namba ikiwa peke yake. Ukiichukua saa kutoka kwenye kalenda ya kompyuta au simu, toa au ongeza sita, uisome kwa sauti, uone kama inalingana na jua.

"Alhamis" nayo haitoshi. Inakosa herufi moja, lakini zaidi inakosa tarehe. Barua ikisomwa Ijumaa, Alhamisi ni ipi, ya jana au ya wiki ijayo? Andika siku na tarehe pamoja: Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025. Vikipingana, katibu atajua mara moja kwamba kuna kosa na atauliza. Ukiandika kimoja tu, kosa halionekani.

Halafu jibu lenyewe. Hapa kijana alifanya vizuri: alisema wazi kwamba hatakuja. Wengi wanaandika "sidhani kama nitaweza", "nitajitahidi nikiwahi kurudi", au "itakuwa vigumu kidogo". Kwa mdomo huo ni ustaarabu wetu, hatupendi kumwambia mtu "hapana" usoni. Kwenye barua ya udhuru maneno hayo yananiacha sijui kama nikuhesabu kwenye akidi au la, na kama kikao kinahitaji nusu ya wajumbe, mtu mmoja anaweza kuwa ndiye tofauti. Sema "sitaweza kuhudhuria". Kama kweli kuna uwezekano, utaje kwa mpaka: "Nikirudi kabla ya saa 5:00 asubuhi nitaungana nanyi kwa ajenda zilizobaki, lakini naomba nisihesabiwe kuwa mhudhuriaji."

Kisha pima heshima

"Habari boss" inafaa koridoni. Kwenye maandishi yatakayoingia kwenye faili, mwite mtu kwa nafasi yake katika jambo hilo: Ndugu Mratibu, Ndugu Katibu, Ndugu Mwenyekiti wa Kikao. "Mheshimiwa" tunawaachia viongozi kama mbunge, waziri, jaji au balozi. Ukimwandikia hivyo mratibu wa kikao cha stoo, atadhani unamtania. Naulizwa sana kuhusu "shikamoo". Mimi siiweki kwenye barua pepe ya kazi. Shikamoo inangoja marahaba, na aliyekuzidi umri anastahili kuisikia ikitoka mdomoni mwako. Ukikutana naye asubuhi, mpe.

"Naomba unielewe" ni sentensi ninayoikuta karibu kila wiki, na wanaoiandika hawajui inavyosikika. Ukiitamka polepole utaona inabeba lawama kidogo, kana kwamba unategemea kukataliwa, au msomaji ni mgumu wa kuelewa. Badala yake omba radhi mara moja tu, tena mwanzoni, ndani ya sentensi inayotoa jibu: "Naomba radhi kwamba sitaweza kuhudhuria." Ukirudia mara ya pili barua inakuwa ya kilio.

"Kwa bahati mbaya" naifuta pia hapa. Kupangiwa kazi na msimamizi si bahati mbaya, ni ratiba. Maneno hayo yatunze kwa siku gari lilipoharibika njiani. "Asante kwa muda wako" haina mahali pa kukaa, maana hukuomba muda wa mtu, ulialikwa. Unachoshukuru ni mwaliko, na shukrani hiyo inakaa vizuri kwenye mstari wa kwanza.

Sentensi ya "kama kuna chochote kilichoongelewa" ina matatizo mawili. La kwanza ni wakati: kikao hakijafanyika, naye anakizungumzia kana kwamba kimekwisha. La pili ni hilo "kama kuna chochote", ambalo linaacha mlango wazi kwamba huenda kikao kisizungumze jambo la maana. Sijui kama aliyeandika alikusudia hivyo, nadhani hapana, lakini aliyeitisha kikao atalisikia. Omba kitu chenye jina: "Naomba kupatiwa muhtasari wa kikao." Na useme utaufanyia nini.

Kuhusu sababu, sentensi moja inatosha. "Kazi nyingine nje ya ofisi" ni pana mno. Mtu anaweza kuisoma kama kukwepa. "Nitakuwa Kibaha kupokea mzigo, kazi niliyopangiwa na msimamizi wangu" inamaliza maswali. Sababu ikiwa ya faragha huhitaji kuieleza. "Nina msiba wa karibu" au "nina miadi ya hospitali" inaheshimika bila kutaja ni nani wala ni ugonjwa gani, na mratibu mwenye adabu hataendelea kuuliza.

Sasa tahajia na sarufi

Yamebaki makosa matano madogo, na kila moja lina namna yake ya kulikamata.

*Kuudhuria.* H imedondoka. Wengi tunaitamka nyepesi, ndiyo maana mkono unaisahau. Hapa ina gharama, kwa sababu jicho linalosoma haraka linaona "kuudhi" kabla halijafika mwisho wa neno. Andika kuhudhuria, mahudhurio, mhudhuriaji. Lakini "udhuru" halina h mwanzoni. Ni maneno mawili tofauti yanayokutana kwenye barua moja, na wengine huyachanganya wakaandika "naomba hudhuru".

*Ntakua.* Kwanza rudisha i: nitakuwa. Pili rudisha w. "Nitakua" ni Kiswahili sahihi kabisa, ila maana yake ni kwamba utaongezeka kimo. Kosa hili programu ya kusahihisha tahajia inaweza kulipitisha, kwa sababu neno lenyewe lipo kwenye kamusi. Tafuta kila "kua" kwenye barua yako ujiulize kama unazungumzia mtoto au mmea. Kama sivyo, ongeza w.

*Niliopangiwa.* Hili ni la ngeli. Njia rahisi ya kulikamata ni kuweka nomino yako na neno la kuonyesha la mbali kidogo, kisha usikilize linavyoishia. Kazi hiyo, kwa hiyo niliyopangiwa. Mwaliko huo, kwa hiyo nilioupata. Kikao hicho, kwa hiyo nilichoalikwa. Kazi hizo zikiwa nyingi, nilizopangiwa. Kipimo hiki kinafanya kazi karibu kila mahali, isipokuwa kwa mtu mmoja: tunasema msimamizi huyo, lakini aliyenituma.

*Kwasababu.* Ni maneno mawili: kwa sababu. Vivyo hivyo kwa ajili, kwa niaba, kwa hiyo. Wapo wanaofanya kinyume, wakakata kitenzi vipande: "sita weza", "nime ambatisha". Jiulize kama kila kipande kinaweza kusimama peke yake. "Sababu" inasimama. "Sita" ikisimama peke yake inakuwa namba, na hapo si ulichotaka kusema.

*Sitoweza.* Hapa natahadhari, kwa sababu wapo watu wanaoisema hivyo tangu utoto na Kiswahili chao hakina kasoro. Katika sarufi inayofundishwa shuleni, wakati ujao unabaki na -ta- hata ukikanusha: nitaweza, sitaweza. Ile -to- inakaa kwenye kitenzi kisicho na nafsi, kama "kutoweza kwangu kuhudhuria". Kwenye barua ya ofisi andika sitaweza.

"Nimeambatanisha" nimeiacha nje ya hesabu. Inatumika kote na inaeleweka. Mimi napendelea "nimeambatisha", ni fupi na ina maana ile ile ya kubandika kitu kwenye kingine.

Ukiandika kwa simu, angalia lugha ya kibodi. Kibodi ikiwa ya Kiingereza inakubadilishia maneno bila kukuuliza, na kila neno la Kiswahili linapigiwa mstari mwekundu hadi jicho linazoea kuupuuza. Kwenye Gboard unaweza kuongeza Kiswahili katika orodha ya lugha. Mistari itapungua, na michache itakayobaki itakuwa na maana.

Barua ilivyo baada ya masahihisho

> Kichwa: Udhuru: kikao cha maandalizi ya kuhesabu mali, Alhamisi 12 Juni 2025
>
> Ndugu Mratibu,
>
> Nashukuru kwa mwaliko wa kikao cha Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa 3:00 asubuhi. Naomba radhi kwamba sitaweza kuhudhuria, kwa sababu wakati huo nitakuwa Kibaha kupokea mzigo, kazi niliyopangiwa na msimamizi wangu. Nimemweka kwenye nakala ya barua hii.
>
> Nimeambatisha orodha ya vifaa vya stoo hadi tarehe 31 Mei 2025, inayohusu ajenda ya 3. Naomba kupatiwa muhtasari wa kikao ili nitekeleze yatakayonihusu.
>
> Wako katika kazi,
> (jina kamili)
> Msaidizi wa Stoo
> (namba ya simu)

Kichwa kimebeba neno "udhuru", jina la kikao na tarehe. Nikitafuta barua hii wiki mbili baadaye, wakati wa kuandaa muhtasari, naandika "udhuru" kwenye kisanduku cha kutafutia na inatokea. Barua yenye kichwa "Kikao" inatokea pamoja na nyingine mia.

Wapo watakaosema inakosa ule mstari wa "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Mstari huo una mahali pake kwenye barua ya karatasi yenye kumbukumbu namba. Kwenye barua pepe fupi unakula nafasi ya kwanza, ile inayoonekana kwenye simu kabla barua haijafunguliwa, na nafasi hiyo naitaka kwa ajili ya tarehe.

Kutuma

Kwanza fungua kiambatisho chenyewe ndani ya barua. Usiridhike na kuona jina lake, kifungue. Kijana wetu aliandika kwamba ameambatanisha orodha, na hapakuwa na kitu. Tangu hapo namwambia kila mtu aweke faili kwanza, aandike sentensi ya kiambatisho baadaye.

Jaza anwani mwishoni, baada ya kusoma barua yote kwa sauti. Mtume mratibu, na msimamizi wako awe kwenye nakala. Usibonyeze Reply all. Wajumbe wengine kumi na kitu hawahitaji kujua uko Kibaha, na mmoja akijibu "safari njema" wote watapokea.

Kama mwaliko ulikuja kwa kalenda, barua pekee haitoshi. Jina lako litaendelea kuonekana kama hujajibu. Kwenye Google Calendar chagua No. Kwenye Outlook ukibonyeza Decline, inaweza kukupa chaguo la Do Not Send a Response. Usilichague hilo, kwa sababu kikao kitatoka kwenye kalenda yako na mratibu hatapata taarifa yoyote. Utaamini umejibu, naye atakuwa anakungoja.

Tuma siku ile ile uliyopata ruhusa ya msimamizi. Ikishindikana, iwe siku mbili za kazi kabla ya kikao, kwa kuwa makabrasha huchapwa siku moja kabla na ajenda isiyo na mtu wa kuieleza inaweza bado kusogezwa. Ikifika asubuhi ya kikao bado hujaandika, acha barua kwanza upige simu, kwa maana saa hiyo katibu yuko ukumbini anapanga viti na hasomi barua pepe. Mwambie jina, kikao na sababu, naye ataandika jina lako kwa kalamu pembeni ya orodha. Barua itume baada ya hapo, ikiwa na tarehe ya siku hiyo na maneno "kama nilivyokueleza kwa simu".